Tupeane uzoefu: nani ameomba likizo ya utumishi wa muda mrefu akaipata?

Bi Hadubini

Habari za jioni wana jukwaa. Naanza na yangu, na wengine mlete zenu.

Ni mtaalamu wa maabara, hospitali isiyo ya serikali, mkoani, na sitaitaja. Niliingia tarehe 2 Machi 2009 kwa mkataba wa miaka miwili. Kanuni za Utumishi tulizokuwa nazo zilisema mtumishi akitimiza miaka 15 ya utumishi mfululizo "atastahili likizo ya utumishi wa muda mrefu ya siku 60 kwa mshahara kamili". Wengi hapo kazini hawakujua kama kipengele hicho kipo. Mimi mwenyewe nilikikuta nikitafuta mambo ya posho ya msiba.

Agosti 2024 nikaandika barua. Jibu likaja baada ya wiki tatu: uongozi unatambua mchango wangu, ila utumishi wangu unahesabiwa kuanzia 21 Machi 2011, hivyo miaka 15 itatimia Machi 2026. Nikabaki nimeshika karatasi. 2011?

Kumbe mkataba wa kwanza uliisha 28 Februari 2011, na wa pili ukasainiwa tarehe 21 Machi. Siku 20 katikati hazina karatasi. Wakati ule katibu wa hospitali alikuwa safarini, tukaambiwa tuendelee tu na kazi, akirudi tutasaini. Hakuna aliyewaza kwamba siku 20 zingekuja kunidai miaka miwili.

Na hapo ndipo palipouma zaidi. Kanuni mpya zilianza tarehe 1 Julai 2024. Siku 60 zimekuwa 45, na neno "atastahili" limegeuka "anaweza kupewa". Nikihesabiwa tangu 2009, nilitimiza miaka 15 mwezi Machi 2024, kanuni za zamani zikiwa bado hai. Nikihesabiwa tangu 2011, naangukia kwenye mpya.

Mwisho wake nitausimulia, ila kwanza nataka kusikia wengine.

Baba Junior

Dada usisumbuke na kanuni zao, sheria ipo. Ukifikisha miaka kumi kwa mwajiri mmoja, sheria ya kazi inakupa siku saba kwa kila mwaka. Kumi mara saba ni siku 70, zaidi ya hizo 60 unazolilia. Shemeji yangu alipewa hivyo hivyo.

Mwalimu wa Chalinze

Sisi walimu hata nauli ya likizo tunaidai. Zamu yangu ilikuwa mwaka juzi, nikajaza fomu, nikaambatisha majina ya mke na watoto, mpaka leo naambiwa bajeti. Huyo wa siku 60 ana bahati. Kuna anayejua namna ya kufuatilia nauli?

Bi Hadubini

Mwalimu pole, ila hilo lifungulie uzi wake, litapata watu. Hapa tutalizika bure.

Afisa Utumishi Mstaafu

Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, mkiniruhusu niseme.

Baba Junior, siku saba kwa kila mwaka ni kiinua mgongo, na si likizo. Ni kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hulipwa mwajiri anapovunja ajira, kwa mshahara wa msingi, na hesabu yake hukomea miaka kumi hata kama umekaa thelathini. Shemeji yako bila shaka alilipwa akiondoka. Huwezi kuzichukua kama mapumziko kisha ukarudi kazini Jumatatu.

Sheria yetu ya Tanzania haina likizo ya utumishi mrefu. Ina siku 28 za mwaka, sikukuu zikiwemo ndani, na zile za ugonjwa, uzazi na dharura. Likizo anayosema Bi Hadubini inazaliwa na kanuni za mwajiri, na inakuwa haki kwa sababu kanuni hizo ni sehemu ya masharti ya ajira yake. Kwa hiyo mtu akiandika barua akataja "sheria ya nchi" bila kutaja kanuni yenyewe, afisa anaijibu kwa sentensi moja na anakuwa sahihi. Nimezijibu nyingi za namna hiyo, na wala sikuhitaji kwenda kumuuliza mwanasheria.

Hilo la "atastahili" na "anaweza kupewa" dada ameliona vizuri. Neno la kwanza linamfunga mwajiri, la pili linamwachia hiari. Nilipokuwa nashauri uongozi kurekebisha kanuni, kitenzi ndicho tulichokuwa tunakibadilisha. Idadi ya siku watumishi wanaiona upesi na wanapiga kelele. Kitenzi hakuna anayekiona.

Sasa dada, ulithibitishaje zile siku 20?

Bi Hadubini

Nilianza na NSSF. Niliomba taarifa ya michango yangu tangu mwanzo. Machi 2011 ipo, ila mchango wake ni mdogo kuliko Februari, kwa kuwa walinilipa siku za mkataba mpya tu. Nilifurahi kuona hakuna mwezi uliorukwa, kisha nikagundua karatasi hiyo hiyo inaweza kunigeukia, maana inaonyesha kwamba sehemu ya mwezi sikulipwa.

Kilichoniokoa ni rejesta za maabara. Sisi kila kipimo kina jina la aliyekisoma. Mkuu wa maabara akaniruhusu nipekue stoo, nikatoka na vumbi mpaka puani, lakini nikaipata ya Machi 2011. Saini yangu ipo tarehe 3, tarehe 4, tarehe 7, na kuendelea, pamoja na zamu mbili za usiku. Nilifanya kazi siku 15 kati ya zile 20, na hizo tano nyingine zilikuwa mapumziko ya kawaida ya zamu.

Barua ya pili niliiandika hivi, nimefuta majina tu:

"YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA UTUMISHI WA MUDA MREFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Rejea barua yangu ya Agosti na majibu yenu. Naomba uongozi uangalie upya tarehe ya kuanza kuhesabiwa kwa utumishi wangu. Kati ya 1 na 20 Machi 2011 niliendelea kutoa huduma katika kituo changu cha kazi, kama rejesta ya maabara inavyoonyesha (nakala zimeambatishwa). Hivyo utumishi wangu haukukatika, na nilitimiza miaka 15 mwezi Machi 2024, kabla ya Kanuni mpya kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Naomba likizo ya siku 60 kuanzia tarehe 6 Januari 2025. Mwenzangu wa zamu amekubali kushika majukumu yangu, na barua yake imeambatishwa."

Nilipeleka nakala mbili masjala, moja ikagongwa muhuri nikarudi nayo. Ya kwanza sikuwa nimefanya hivyo.

Afisa Utumishi Mstaafu

Ningekuwa afisa wako ningekasirika kwanza, kisha ningekupa. Kumweka mtu kwenye zamu bila mkataba kisha kudai hakuwa mtumishi ni hoja ambayo mwajiri mwenye akili hataki kuipeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maana huko ataulizwa pia kwa nini siku hizo hazikulipwa.

Na kwa wengine: barua ya kukataliwa ikikufika, andika tarehe uliyoipokea. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa ufike kwenye Tume ndani ya siku 60. Watu wengi hukaa mwaka mzima wakisubiri "uongozi ukae", na wakifika huko wanaanza kwa kuomba msamaha wa kuchelewa.

Kibarua wa Naivasha

Kenya hapa, shamba la maua. Sheria yetu inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka. Chama chetu kilipatana na mwajiri kwamba wakongwe waongezwe siku kidogo kila mwaka, si likizo moja ndefu. Mwanzoni nilisikitika, lakini miezi miwili nikiwa nyumbani nitakula nini? Pesa yetu kubwa ni ya ovataimu. Mshahara kamili bila ovataimu ni nusu ya maisha yangu.

Bi Hadubini

Naivasha umegusa kidonda. Likizo nilikuja kuipata, ila posho ya zamu za usiku hawakunilipa. Kanuni inasema "mshahara kamili", mimi naona mshahara kamili ni ule ninaoupokea, wao wanasema ni ule ulioandikwa kwenye mkataba. Hapo nilinyamaza, nilikuwa nimechoka.

Mjukuu wa Uvira

Jambo bandugu. Miye niko Melbourne, nafanya usafi wa maofisi, kampuni moja tangu 2016. Huku hii likizo ni sheria ya jimbo. Ilianza karne ya 19 kwa watumishi wa serikali ya koloni, wapate muda wa kupanda meli mpaka Uingereza na kurudi. Leo ni ya kila mtu. Jimbo la Victoria, ukifika miaka saba unaweza kuichukua, wiki moja kwa kila wiki 60 za kazi. Miye nilipata wiki sita na kidogo.

Lakini na huku kuna ujanja. Mkubwa wangu aliniambia mwaka niliokaa na mtoto haingii kwenye hesabu. Nikamwuliza aliyesoma mambo haya, akasema likizo ya mtoto hata isiyolipwa inaingia, mpaka wiki 52. Nikaenda Uvira kumwona mama, miaka tisa sikumwona. Niliomba nikae muda mara mbili kwa nusu mshahara, inaruhusiwa, wakakubali.

Baba Junior

Sawa mstaafu, la kiinua mgongo nimekubali. Ila niulize: akichukua hizo 60, na zile 28 za mwaka huo je? Ofisini kwetu wangesema umeshapumzika.

Afisa Utumishi Mstaafu

Hapo wanasheria wenyewe wanavutana. Kifungu cha 31 kinaruhusu kupunguza siku za mwaka kwa zile za ruhusa yenye malipo ambazo mtumishi mwenyewe aliziomba. Mwajiri mjanja atasema hata hizi 60 uliziomba wewe. Mimi nasema haki iliyoandikwa kwenye kanuni haiwezi kuwa sawa na ruhusa ya kwenda harusini. Lakini sijawahi kuona uamuzi juu ya jambo hilo hasa, kwa hiyo ningeomba barua ya kibali itamke wazi kwamba siku 28 zimebaki.

Bi Hadubini

Yangu haikutamka. Niliruhusiwa siku 60 za kalenda, nikiwa nimetegemea za kazi. Kwa wiki yetu ya siku sita zingekuwa wiki kumi, za kalenda ni wiki nane na nusu. Nilianza 6 Januari, nikarudi zamuni tarehe 7 Machi. Nililima vitunguu, nikamuuguza baba, nikalala mchana kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo.

Zile 28 za 2025 niliziomba Septemba. Afisa akacheka, akadhani natania. Nimeandika barua, muhuri wa masjala ninao, na jibu bado.