Konjugeti gradienti: vigeu 12, hatua zimepita 30. Nimekosea wapi?

Kodi_Usiku: Wakuu, nimeandika CG ya kutafuta kima cha chini cha ½xᵀAx − bᵀx. Kwa vigeu 2 inamaliza hatua ya 2. Nimeipa matriksi ya Hilbert ya 12 kwa 12, b yote ni 1, naanzia sifuri, isimame mabaki yakishuka chini ya 1e-6. Imepita hatua 30! Si tunaambiwa mwisho ni 12?

```python
beta = (r_mpya @ r_mpya) / (r @ r)
p = r_mpya + beta * p
```

Fundi77: Kila hatua inanyoosha kigeu kimoja, kwa hiyo vigeu 12 ni hatua 12. Kodi yako ina kasoro.

BintiHesabu: Hapana Fundi, si kigeu kimoja kimoja. Chukua A = [[3,1],[1,2]], b = (5,5), anzia (0,0). Jibu ni (1,2). Hatua ya kwanza inakwenda upande wa (5,5) na kutua (10/7, 10/7). Umeona kigeu chochote kilichonyooka hapo? Kilichokwisha ni ule mwelekeo. Mabaki sasa ni (−5/7, 5/7). Ukiyafuata yenyewe, kama mteremko wa kawaida, unatua (20/21, 40/21) na utaendelea kuzungukazunguka. CG inachanganya na mwelekeo wa zamani, beta = 1/49, inapata p = (−30/49, 40/49). Zidisha Ap: (−50/49, 50/49). Hiyo na (5,5) zina pembe mraba, maana yake kutembea kwa p hakuharibu kilichokwisha. Urefu wa hatua ni 0.7, na unatua (1,2) kamili.

Ndiyo sababu ya kikomo: mabaki mapya huwa na pembe mraba na yote yaliyotangulia. Katika nafasi ya vigeu 12 huwezi kusimamisha vekta 13 zenye pembe mraba kila moja na mwenzake, labda ya 13 iwe sifuri. Ikiwa sifuri, umefika.

mzee_wa_data: Mimi nafunza mtandao wa neva wenye vigeu milioni, CG haijawahi kumaliza. Tumia Cholesky tu.

BintiHesabu: Mzee, yako si ya kwadratiki, ahadi hiyo haikuhusu. Kodi_Usiku, mistari yako ni sahihi. Hilbert ya 12 imekaribia kutogeuzika, namba za biti 64 zinapoteza tarakimu na pembe mraba zinavunjika. Pima `r @ r_zamani` ukigawa kwa urefu wa zote mbili.

Kodi_Usiku: Nimepima. Za mwanzo karibu sifuri, za mbele zimeegemeana kabisa. Nikigawa kwanza kwa diagonali itasaidia?

Fundi77: Itasaidia.

BintiHesabu: Kwa Hilbert sina imani nayo sana. Jaribu ulete namba.