Ushauri: swali la maelezo juu ya volkano, nataka lipime kufikiri, si kukariri

Prof wa Himbi (Goma)
Jambo wakubwa. Natayarisha mtihani wa muhula, jiografia mwaka wa tano, darasa la watu 58. Swali langu la mwisho ni hili: «Jadili volkano za Virunga. (pointi 10)». Prefe ameliona, akasema litaleta notisi zilizokaririwa na ugomvi siku ya kugawa kopi. Nilitengeneze vipi? Na majibu ya mfano nayaandika namna gani?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)
Prof, badilisha kitenzi. Ondoa «jadili», weka «tathmini kwa kina». Kitenzi kikiwa kizito, mtoto analazimika kufikiri. Tena usiweke habari yoyote kwenye karatasi, watanakili tu. Majibu ya mfano yaandike kabla karatasi haijaenda kwenye fotokopi, si siku ya kusahihisha.

Mama Katuba (Lubumbashi)
Kwa majibu ya mfano niko na wewe, Mwalimu. Ukishindwa kuyaandika wewe mwenyewe kwa dakika kumi na tano, swali ni bovu. Lakini kitenzi kizito peke yake hakisaidii. «Tathmini kwa kina volkano za Virunga» bado haina cha kutathmini, kwa hiyo mtoto atamwaga notisi zilezile na kuongeza «kwa kina» mbele.

Prof, kasoro ya swali lako ni kwamba «jadili» inahitaji kauli ambayo watu wawili wenye akili wanaweza kupingana juu yake. «Volkano za Virunga» ni kichwa cha somo. Tafuta kauli yenye ukweli nusu. Hapo Goma mnayo tayari: Nyamulagira inalipuka mara nyingi sana, lakini mji unaogopa Nyiragongo. Andika hivi:

«Mtu mmoja anasema: "Volkano inayolipuka mara nyingi ndiyo yenye hatari kubwa kwa watu." Kwa kutumia habari A hadi D na ulichojifunza juu ya lava, onyesha ni kwa kiasi gani kauli hii ni kweli kwa mji wa Goma. Mistari 15 hadi 20. (pointi 10)»

A. Nyamulagira imelipuka zaidi ya mara 40 tangu mwaka 1885. Mara nyingi lava yake inaishia ndani ya Hifadhi ya Virunga.
B. Nyiragongo iko kama kilomita 20 kaskazini mwa Goma. Mwaka 1977, 2002 na 2021 lava ilitokea kwenye nyufa za ubavu wake.
C. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya njia ya ndege.
D. Mwaka 1938 Nyamulagira ililipuka, na lava yake ikafika Ziwa Kivu upande wa Sake.

Habari ziko pale ili aliyesahau tarehe asianguke kwa sababu ya tarehe. Kuzinakili hakuleti pointi. Na kuna jambo moja nimeliacha nje makusudi: lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, ni ya majimaji, inakimbia. Hilo alilete mwenyewe kutoka darasani.

Fundi Kemia (Lubumbashi)
Samahani, mimi ninafundisha kemia. Na Ekzetat si ni maswali ya kuchagua jibu? Kwa nini tuwachoshe watoto na mistari 20?

Mama Katuba
Ndugu, Prof anauliza mtihani wa muhula wa shule, si Ekzetat. Hata kule kuna insha ya Kifaransa. Kwa kemia inawezekana pia: wape matokeo ya jaribio na hitimisho lisilotoshelezwa na matokeo hayo, kisha waulize kama hitimisho linasimama. Fungua uzi wako tuongee huko.

Prof, pointi zigawe hivi. Msimamo unaojibu kauli yenyewe, 1. Sababu tatu, kila moja 2: ukweli 1, na kuuunganisha na hatari kwa watu 1. Upande wa pili wa kauli, 2. Hitimisho lenye sharti, 1. Jumla 10.

Pointi ya kuunganisha ndiyo inayopima kufikiri. Mtoto akiandika «Nyiragongo iko karibu na Goma», anapata 1. Akiandika «Nyiragongo iko karibu, na lava inatokea kwenye nyufa za ubavuni, kwa hiyo inaweza kufika kwenye nyumba kabla watu wote hawajatoka», anapata 2. Weka mifano hiyo miwili ndani ya mwongozo, msahihishaji asikisie.

Prof wa Himbi
Aksanti sana mama. Nimejaribu jibu la mfano:

«Kauli ni kweli kwa sehemu tu. Nyamulagira inalipuka mara nyingi kuliko Nyiragongo, lakini lava yake kwa kawaida inaishia hifadhini, kwa hiyo haikuti nyumba nyingi. Nyiragongo inalipuka mara chache, ila iko karibu na mji, na nyufa zake zinaweza kutoa lava upande wa watu. Lava hiyo ina silika kidogo, inatiririka haraka, muda wa kukimbia unakuwa mfupi. Mwaka 2002 ilipita mjini mpaka ziwani. Hata hivyo Nyamulagira haiwezi kudharauliwa: mwaka 1938 lava ilifika upande wa Sake. Kwa hiyo wingi wa milipuko hautoshi kupima hatari, mpaka tujue pia lava inaelekea wapi na nani anaishi hapo.»

Mama Katuba
Zuri. Sentensi ya 2002 imekaa peke yake, iunganishe: ilipita mjini, ikaziba njia ya ndege, kwa hiyo hata msaada ulikuwa mgumu kufika. Halafu andika chini yake jibu la pili linalopata 8 na zaidi kwa njia nyingine. Mtoto anaweza kusema kauli ni kweli kwa mtu wa Sake au kwa mfugaji, maana majivu ya Nyamulagira yanachafua maji na majani mara kwa mara. Mwongozo wenye jibu moja tu unawaadhibu wanaofikiri vizuri kuliko mwalimu.

Usiweke vitenzi viwili ndani ya swali moja. «Taja na ujadili» inazaa kopi zenye orodha ndefu na mjadala wa mstari mmoja, na kila msahihishaji anahesabu kivyake. Ukitaka kutaja, fanya swali dogo la pointi 2, kando.

Mwalimu wa Kadutu
Sawa, nakubali juu ya kauli. Lakini kopi 58 za mistari 20, atamaliza lini?

Mama Katuba
Kwa mwongozo huo ni kama dakika nne kwa kopi, karibu masaa manne yote. Kabla ya kuanza, kopi tano zisahihishwe na watu wawili, kila mmoja bila kuona pointi za mwenzake. Zikipishana kwa zaidi ya pointi 2, mwongozo ndio una shimo. Mara nyingi ni pale kwenye kuunganisha.

Mzee wa Ibanda (Bukavu)
Na makosa ya Kifaransa? Karatasi inaandikwa Kifaransa. Mimi naondoa mpaka pointi 2.

Mama Katuba
Mzee wangu, kwa heshima, hapo ninapinga. Ukiondoa 2 kwa lugha, mtoto aliyefikiri vizuri kwa Kifaransa kibovu anapata sawa na aliyepanga maneno mazuri bila sababu. Pointi za lugha ziondoe kwenye somo la lugha.

Mzee wa Ibanda
Sentensi isiyoeleweka ina sababu gani ndani yake? Nusu ya «kwa hiyo» zao hazionyeshi kipi kinaleta kipi.

Prof wa Himbi
Hapo mmenipa kazi. Kwa sasa naweka hivi kwenye mwongozo: kosa la lugha haliondoi pointi, ila kiungo kisichosomeka hakipewi pointi yake. Kesho mwenzangu wa historia atajaribu kopi tano pamoja nami.