Uzito umegoma kwenye kilo 81, wiki ya sita sasa

Binti wa Ngamiani: Wadau, nilianza mwezi wa tatu nikiwa na kilo 92. Nikaacha mahamri, wali wa usiku nikaupunguza, na baiskeli kila asubuhi mpaka Raskazone na kurudi. Mwezi wa saba nikafika 81. Tangu hapo mzani haujasogea, na chakula ni kilekile. Njaa ndiyo imezidi, juzi nimeota mkate wa kumimina! Nipunguze tena?

Mvuvi Mtulivu: Mwili umeshtuka, unadhani kuna njaa. Kila unachokula unakigeuza mafuta. Kula zaidi ndipo utapungua.

Mama Pacha: Mimi zilitoka kilo 14 kwa supu na maji ya ndimu. Mwaka haukuisha zikarudi 16, nikaambiwa sina msimamo. Dada, ndimu unatumia?

Bibi Lishe: Mvuvi, nusu ya maneno yako ni kweli. Mwili hubana matumizi, ila hakuna anayenenepa kwa kula pungufu ya anachotumia.

Binti, mwili wa kilo 81 huendeshwa kwa kalori chache kuliko wa 92. Tena mafuta yakipungua, homoni ya leptini, inayoujulisha ubongo akiba ya mafuta iliyopo, hushuka, ubongo nao unazidi kubana. Watafiti wanakadiria kwamba kila kilo inayotoka hushusha matumizi ya siku kwa kalori 20 hadi 30, na hamu ya kula hupanda kama 100. Kwa kilo zako 11, matumizi yameshuka karibu 275, huku njaa inakuvuta ule kama 1,100 zaidi. Mama Pacha, kilo zako zilirudi kwa mlango huo. Usikubali kuitwa huna msimamo.

Lakini 275 peke yake haitoshi kuusimamisha mzani wiki sita. Binti, siku hizi unafua umesimama au umekaa? Na mafuta ya kupikia unapimaje?

Binti wa Ngamiani: Zamani nilisimama, sasa navuta kigoda, na kuanika namtuma mdogo wangu. Kutoka soko la Mgandini napanda bajaji. Mafuta namimina kwa macho.

Bibi Lishe: Mwili ukibanwa hutafuta kukaa, mwenyewe hujui. Na kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120. Sahani usiipunguze. Pima mafuta wiki mbili, ongeza samaki na dengu, na ufunge kamba kiunoni uone, maana maji mwilini huudanganya mzani.

Kaka wa Pangani: Akishafika anapotaka, mwili hurudi kama zamani?

Bibi Lishe: Washiriki 14 wa shindano la kupunguza uzito la televisheni ya Marekani walipimwa miaka 6 baadaye. Kilo nyingi zilikuwa zimerudi, na bado miili yao ilitumia kama kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa. Wale walikonda kwa kasi mno. Kwa wanaokwenda taratibu, watafiti bado wanabishana.

Mvuvi Mtulivu: Mimi nilipumzika wiki mbili nikila kawaida, ikanisaidia.

Bibi Lishe: Majaribio mengine yanakuunga mkono, mengine hayakuona tofauti.

Binti wa Ngamiani: Leo nimemimina kwa macho kama kawaida, kisha nikapima. Nilidhani vijiko viwili. Vimetoka vinne na nusu.