Naomba ushauri: bonasi ya kusaini mkataba yenye sharti la kurudisha

Habari zenu wakuu. Nimepewa ofa ya kazi yenye bonasi ya kusaini, tuseme 12,000, italipwa pamoja na mshahara wa kwanza. Kuna kipengele kinasema nikiondoka kabla ya miezi 24 "kwa sababu yoyote" nairudisha yote, na kwamba mwajiri anaweza kuikata kwenye malipo yangu ya mwisho.

Kinachonisumbua kwanza ni kodi. Ikikatwa asilimia 30, mkononi napata 8,400. Kipengele kinataja "kiasi cha bonasi" tu, hakisemi ni kabla au baada ya kodi. Nikidaiwa 12,000, hiyo 3,600 ambayo sijawahi kuishika nitaitoa mfukoni, kisha nianze kuifukuzia kwenye mamlaka ya kodi.

Pili, deni halipungui. Lingekuwa linashuka kila mwezi, yaani 500, nikiondoka baada ya mwezi wa 18 ningedaiwa 3,000. Kwa maandishi haya nadaiwa yote hata nikibakiza wiki moja.

Halafu hilo "kwa sababu yoyote". Nikipunguzwa kazi je? Afisa rasilimali watu kanijibu kwa simu kwamba "hatufanyi hivyo", ila kwenye mkataba halipo.

Nafikiria kuomba waandike: kiasi baada ya kodi, kipungue kila mwezi, na kidaiwe nikijiuzulu mwenyewe au nikifukuzwa kwa utovu wa nidhamu tu. Waliowahi kujadiliana hili, lipi mwajiri hukubali kirahisi? Na miezi 24 inahesabiwa tangu kusaini au kuanza kazi?