Shangazi yuko Marekani, ami yuko Maskati: nani anunue simu ya mama wa Pangani?

Mchumbageni: Wote wawili wako tayari kununua Galaxy A15. Shangazi atapata kwa bei nafuu kwenye duka la mtandao wa simu anaoutumia, ami atanunua dukani Maskati. Mama anatumia laini mbili. Niwaambie nini?

Mtu wa Raskazoni: Popote sawa, foji ni foji. Shangazi ahakikishe tu haijafungwa na mtandao.

Fundi Ngamiani: Kufungwa ni nusu ya tatizo. Simu iliyofunguliwa bado inabeba masafa ya nchi iliyokusudiwa kuuzwa. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa na mitandao ya Marekani hazina bendi ya 20, yaani megahezi 800, na hayo ni masafa yanayofika mbali mashambani. Ukiijaribu Tanga mjini itashika foji vizuri kwa bendi ya 3, utaridhika. Ukiipeleka Pangani inaweza kushuka hadi thrii-ji au E, na hakuna kufleshi kutakakoongeza bendi, maana ni suala la vifaa vya ndani. Tena nyingi za huko zina tundu la laini moja.

Mtumie ami hivi: "Shikamoo ami. Naomba yenye SM-A155F kwenye boksi, ya laini mbili. Kama boksi lina stika ya kanda, tia laini ya huko, piga simu za jumla ya dakika tano ndipo uitume, la sivyo inaweza kukataa laini zetu. Piga *#06#, nitumie picha ya namba zote mbili za IMEI pamoja na risiti."

Bi Mwarongo: Mimi nina aifoni ya Marekani, ya 14, haina tundu la laini. Nayo ni bendi?

Fundi Ngamiani: Hapana, dada. Aifoni 14 za Marekani hazina tundu kabisa, zinatumia eSIM tu. Bendi zake hazina shida.

Mchumbageni: Na waranti, fundi? Ikiharibika mwezi wa tatu?

Fundi Ngamiani: Samsung huihesabu kwa nchi au kanda ilikouzwa. Mpango wa kuaminika ni kuirudisha Maskati na risiti. Kioo kilichovunjika hakimo, huko au huku.

Mtu wa Raskazoni: Basi ami atume hela, inunuliwe hapa kwa wakala. Waranti iko karibu.

Fundi Ngamiani: Hilo nakubali, kwa mama wa Pangani lina uzito kuliko tofauti ya bei. Ila kabla ya kulipa tuma IMEI kwa meseji kwenda 15090, uone kama jina la simu linalorudi linafanana na la boksi.

Mchumbageni: Ami keshaniambia hataki kutuma hela, anataka kutuma kitu. Nimempelekea ujumbe wako.