Mdogo wangu kampiga mtu akiwa amelewa tilalila, je ulevi unaweza kumtoa kwenye kesi?

Kaka_Mkubwa_IR
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wa haraka maana hapa nyumbani hatulali. Mdogo wangu, miaka 27, Jumamosi ya wiki mbili zilizopita alikuwa kilabuni huku kwetu Iringa anakunywa komoni tangu saa nne asubuhi, jioni kukatokea ugomvi na jirani yetu mmoja akampiga na mpini wa jembe mkono ukavunjika, jamaa amefungwa hogo mpaka juu ya kiwiko. Dogo alikamatwa usiku uleule, kalala mahabusu siku tatu, akafikishwa mahakamani kasomewa shtaka la kudhuru mwili, tumemdhamini. Sasa yeye anasema hakumbuki kitu chochote kuanzia mchana, na mimi namuamini maana alikuja kuletwa amejikojolea. Baba mdogo anasema tukomae hapohapo, mtu aliyelewa hana akili kwahiyo hawezi kufungwa, sheria inamtambua kama kichaa wa muda. Kesi inatajwa tena tarehe 18. Je ni kweli?

Bonge la Bwana
Baba mdogo yuko sahihi mkuu. Ulevi unashusha kesi. Kuna jamaa wa kwetu aliua kwenye pombe za mazishi, ilikuwa murda ikageuzwa kuwa kuua bila kukusudia, kala miaka michache katoka yuko mtaani anafuga kuku. Wewe mwambie dogo asimame na neno moja tu, nilikuwa nimelewa sikumbuki.

Jirani Mwema
Yaani mtu anajimiminia komoni tangu asubuhi kwa hela yake halafu avunje watu mikono aseme hakuwepo? Basi kila jambazi atapita baa kwanza. Afungwe tu. Samahani kama nimeongea kwa ukali, shemeji yangu alichomwa chupa ya bia shingoni na mlevi na hadi leo kichwa hakigeuki upande mmoja.

Mzee wa Faili
Nimekaa mahakamani kama karani miaka mingi kabla ya kustaafu, siyo wakili, lakini faili za kilabuni nimezibeba mpaka mgongo umepinda. Ngoja niseme kidogo.

Kanuni ya Adhabu ya kwetu ina kifungu cha 14 kinachoongelea ulevi, na kinaanza kwa kufunga mlango kabisa, kwamba ulevi siyo utetezi. Halafu kinafungua vidirisha viwili. Cha kwanza, ulileweshwa na mtu mwingine bila ridhaa yako, kwa ubaya wake au uzembe wake. Cha pili, ulevi ulikufikisha kwenye uwendawazimu, wa muda au wa kudumu. Na vyote viwili vina sharti moja juu yake, kwamba wakati unatenda ulikuwa huelewi unachofanya. Sasa Kaka Mkubwa nikuulize, komoni nani alimmiminia mdomoni?

Hilo la kutokumbuka ndipo familia nyingi zinapoteleza. Sheria haiulizi kama leo unakumbuka, inauliza kama saa ile ulikuwa unaelewa. Mtu anaweza kulipa bili, akahesabu chenji, akapanda bodaboda, akafungua kufuli la nyumba yake na asubuhi asikumbuke hata kimoja. Alikuwa anaelewa, kumbukumbu tu ndiyo haikushika.

Mama Twaha
Mzee hapo kwenye kuleweshwa na mwingine umenigusa. Kaka yangu aliwekewa dawa kwenye soda na watu aliokaa nao meza moja, akaokotwa usiku ndani ya uwanja wa nyumba ya watu anavuta nguo kwenye kamba, akapigwa nusu kufa na kupelekwa kituoni kama mwizi. Kwahiyo mtoa mada muulize vizuri dogo isijekuwa na yeye alitiliwa kitu.

Mzee wa Faili
Mama Twaha kesi ya kaka yako ndiyo hasa ile dirisha la kwanza lilitengenezewa. Akithibitisha anaachiwa huru moja kwa moja. Ila kumbuka kuwekewa peke yake hakutoshi, lazima pia awe haelewi anachofanya. Mtu akiwekewa dawa, akalegea, akapata ujasiri wa kufanya jambo analolijua kabisa, bado anayo kesi.

Kaka_Mkubwa_IR
Hakuwekewa kitu, walikuwa wanachangia ndoo moja watu wanne na wengine wako wazima. Vipi hilo la kichaa wa muda, maana ndo baba mdogo analishikilia?

Mzee wa Faili
Lipo lakini mwambie baba mdogo alitafakari. Kulewa sana siyo uwendawazimu. Nilichoona kinakaribia hapo ni wale walevi wa miaka mingi ambao pombe imeshakula ubongo, anaona nyoka ukutani, anaongea na marehemu, na hata akikosa pombe siku mbili anatetemeka na kuona mambo. Kwa mtu huyo daktari ana kitu cha kuandika. Dogo wa miaka 27 aliyelewa Jumamosi na Jumatatu yuko fresh anaomba chai, daktari ataandika nini?

Halafu hapo mzigo wa kuthibitisha ni wa kwenu, siyo wa Jamhuri. Na mkifanikiwa hamrudi naye nyumbani. Anapelekwa kuchunguzwa akili, na ikionekana alitenda akiwa mwendawazimu anawekwa taasisi ya wagonjwa wa akili wahalifu, Isanga kule Dodoma, na kutoka hakuna tarehe iliyoandikwa ukutani. Nimewaona waliokaa huko muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa.

Bonge la Bwana
Sasa mbona yule wa kwetu alishushiwa? Au nilidanganywa?

Mzee wa Faili
Hukudanganywa, ulichukua nusu. Kifungu hichohicho cha 14 mbele kidogo kinasema ulevi uangaliwe katika kupima kama mshtakiwa alikuwa na nia, pale ambapo bila nia hilo kosa halipo. Kuua kwa kukusudia kunahitaji dhamira ovu, pombe ikileta shaka kwamba dhamira haikuwepo, kinabaki kuua bila kukusudia. Hakuachiwa, kabadilishiwa kosa, na hilo lililobaki lenyewe linaweza kufika kifungo cha maisha, miaka michache aliyopata ni huruma ya jaji. Na hapa kwenye nia mzigo haumwangukii mshtakiwa, ni Jamhuri ithibitishe nia ilikuwepo pamoja na ulevi wake. Hilo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililisema kwenye kesi ya Cheminingwa mwaka 1956 na bado mawakili wanaitaja.

Kaka Mkubwa sasa nitafutie hati ya mashtaka uangalie namba ya kifungu, hapo ndipo kila kitu kinapolala.

Mkenya Halisi
Niaje, huku kwetu ni section ya 13 lakini maneno karibu ni yaleyale, nadhani Muingereza alitupea karatasi moja. Watu wa changaa huku wanaisema kila siku kortini na hakimu anawaangalia tu. Lakini mimi nauliza, mbona sheria iwe kali hivi na kweli mtu akilewa chakari akili haiko?

Mzee wa Faili
Swali zuri. Jibu nililosikia mara nyingi ni kwamba lawama haianzii kwenye kipigo, inaanzia kwenye glasi. Ulikuwa na akili timamu ulipoamua kunywa, na kila mtu anajua pombe inafanyaje. Kuna kesi ya Waingereza, Gallagher, jamaa aliamua kumuua mkewe, akanunua kisu pamoja na chupa ya wiski, akanywa, akaua, kisha akasema nilikuwa nimelewa. Majaji wa mahakama ya juu kule wakakataa kwamba ulevi uliotafutwa kwa kazi hiyo uje kuwa kinga.

Kaka_Mkubwa_IR
Nimeipata hati. Imeandikwa kifungu 225. Na kuna mtu kaniambia tushukuru siyo 222.

Mzee wa Faili
Huyo mtu anajua. Namba ninazozijua mimi ni za toleo la 2022, wakili akuhakikishie kama zimebaki hivyo. 222 ni kudhuru kwa nia ya kudhuru, kulemaza au kuharibu sura, adhabu yake inafika maisha, na kwa sababu nia imeandikwa ndani ya kosa lenyewe ulevi una pa kushika. 225 inasema tu mtu akimsababishia mwingine madhara makubwa kinyume cha sheria, kifungo mpaka miaka saba. Nia haikutajwa. Kwahiyo wimbo wa sikuwa na nia nilikuwa nimelewa unagonga ukuta, maana hawakushtaki kwa nia. Mvunjiko wa mfupa kwenye PF3 unawatosha.

Ninyi mnadhani mtatumia ulevi kutoka 225, kumbe ulevi ungewasaidia kushuka kutoka 222 kuja 225, na mmeshafika.

Wakili Kijana
Mzee nakuheshimu ila hapo naomba nibishe kidogo. Kifungu 14 kinasema nia yoyote, iwe mahususi au vinginevyo. Waingereza kwenye kesi ya Majewski ndio walisema ulevi unasaidia makosa ya nia mahususi tu, sisi maneno yetu ni mapana zaidi. Unaweza kujenga hoja kwamba hata 225 inahitaji angalau uwe ulikusudia kupiga, siyo kwamba mpini ulikuponyoka ukipepesuka.

Mzee wa Faili
Mwanangu hoja hiyo nimeisikia ikijengwa na sijawahi kuona hakimu wa wilaya akiinunua, lakini rufaani huko juu sitabisha. Inategemea ushahidi. Kaka Mkubwa, mpini ulitoka wapi? Kilabuni watu hawalimi.

Kaka_Mkubwa_IR
Hapo ndo sikusema mwanzo. Mashahidi wanasema walirushiana maneno kuhusu elfu arobaini ambayo dogo anamdai jamaa tangu msimu wa mahindi. Dogo akatoka, akaja nyumbani ambapo ni kama mita mia tatu hivi, akachukua mpini nyuma ya jiko, akarudi akapita watu wengine wote akamfuata jamaa pale benchi akamwita jina akamwambia leo utanilipa. Alimpiga mara mbili. Halafu mpini tuliukuta umetupwa kwenye choo cha jirani.

Jirani Mwema
😳 Hajitambui ila choo anakijua.

Wakili Kijana
Mkuu naifuta ile hoja yangu.

Mzee wa Faili
Ndivyo mahakama inavyopima ulevi, hawahesabu ndoo. Wanaangalia alikwenda wapi, alichagua nini, alimfuata nani, alisema nini, alificha nini. Mita mia tatu kwenda na kurudi, jina sahihi, deni sahihi, na kutupa mpini, hata ungeleta wanywaji wote wa kilabu waseme alikuwa anayumba haisaidii. Tena msipoangalia, mwendesha mashtaka akiyasikia hayo yote vizuri anaweza kuomba kubadilisha hati iende 222. Kwahiyo baba mdogo asiende kuhojiana na mashahidi kule kilabuni kutafuta wa kusema alilewa, atawakumbusha stori yote.

Kwenye maelezo ya onyo pale polisi dogo aliandika nini?

Kaka_Mkubwa_IR
Kaandika hakumbuki ila jamaa ana deni lake.

Mama Twaha
Uwiii.

Bonge la Bwana
Sasa afanyeje, akiri tu apunguziwe?

Mzee wa Faili
Hilo siwezi kumuamulia kwenye simu, aende kwa wakili kabla ya tarehe 18. Ajue tu kwamba akisimama akasema ni kweli nilimpiga lakini sikujijua, hakimu makini hatachukua hilo kama kukiri, ataandika amekana na kesi itaendelea. Ulevi una sehemu yake nyingine, baada ya kutiwa hatiani, wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu, pamoja na kuwa ni kosa la kwanza na kama mmemhudumia jamaa matibabu. Hapo ni hiari ya hakimu, wengine pombe inawalainisha na wengine inawakasirisha.

Kaka_Mkubwa_IR
Nimeelewa mzee wangu. Jamaa mwenyewe hospitali ametumia laki moja na themanini, mama kesho anaenda kwao na mchungaji kuongea. Baba mdogo nimemsomea hii yote kasema nyie wote mnatumiwa na mlalamikaji.

Mzee wa Faili
Mama aende, ila asipeleke karatasi ya kumsainisha jamaa kwamba amefuta kesi. Kesi ni ya Jamhuri sasa. Apeleke hela ya hogo na achukue risiti.