Naomba ushauri: losheni ya jua inanichoma macho nikikimbia

Wakuu, Jumapili nakimbia kilomita 24, kutoka Mwenge hadi mjini kwa Daraja la Tanzanite na kurudi. Natoka saa moja na nusu asubuhi. Alfajiri siwezi, nakuwa zamu ya usiku.

Losheni yangu ni SPF 50, imeandikwa inahimili maji dakika 80. Napaka dakika 20 kabla. Nikifika darajani jasho limeshaiteremsha kutoka kwenye paji la uso, macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Nikijifuta na fulana naiondoa yote. Juzi pua imebabuka.

Sasa juu ya nyusi sipaki kabisa, nategemea kapelo. Lakini kapelo haifiki masikioni wala shingoni, na bahari pale darajani inarudisha mwanga kutoka chini. Miwani ya UV400 ninayo, ila nikisimama kwenye mataa inajaa ukungu.

Nasikia losheni ya zinki oksaidi haichomi sana macho, ila kwenye ngozi nyeusi inaacha weupe kama wa maiti. Kuna aliyepata yenye rangi? Kofia yenye kitambaa cha shingo je, haichemshi kichwa? Na katikati ya safari mnapakaje tena juu ya jasho?